Barua kwa Shabani kuhusu insha ya ufadhili

Berekuso, Ghana
21 Septemba 2025

Mdogo wangu Shabani,

Asalaam alaykum. Marahaba kwa salamu zako, na pole na uchovu wa JKT. Mama ameniambia umerudi kutoka kambi ya Mgambo umekonda lakini mzima, nami nimemshukuru Mungu.

Umeniuliza niliandikaje insha yangu ya kwanza ya kuomba ufadhili, na kama ni vizuri ya kwako ukaijaza habari za kifo cha baba na maisha tuliyopitia baada yake. Nimekaa na swali lako siku kadhaa kwa sababu linanigusa. Nitaanza na insha yangu, hilo la baba utalikuta humohumo.

Swali kwenye fomu lilikuwa fupi: eleza tatizo moja la mahali unapoishi na ulilofanya juu yake, kwa maneno yasiyozidi 500. Nililiandika kwenye karatasi nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Kabla ya kuandika sentensi yoyote nilijaza ukurasa mzima wa mambo niliyowahi kuyafanya kwa mikono yangu, hata yale madogo: kumfundisha binamu kusoma, kusimamia mapishi ya maulidi, kuhesabu machungwa. Kisha nikajiuliza ni lipi kati ya hayo ningeweza kuulizwa maswali saa nzima na nisikose jibu. Yakabaki machungwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tunauza. Dalali anakuja shambani, anazunguka, anaangalia miti kwa macho, anasema, "Hapa hapazidi machungwa elfu tisa," na mama anapokea bei yake. Likizo ile baada ya kidato cha nne ndipo nilipochukua daftari nikahesabu mti kwa mti, wewe ukinishikia ngazi. Miti 60 ilinipa machungwa kama 14,000. Kwa bei ya shilingi 40 kwa chungwa moja, tofauti ya macho ya dalali na daftari letu ilikuwa shilingi 200,000. Yule dalali alikataa hesabu yetu akaondoka. Wa pili akakubali kununua kwa hesabu ya machungwa 12,500, na hela iliyoongezeka ndiyo iliyoninunulia tranka, godoro na nauli ya kwenda kidato cha tano. Hicho ndicho kisa nilichokiandika, na sikukipamba. Niliandika wazi kwamba hatukulipwa yote 14,000, maana msomaji akikuta mtu ameshinda kila kitu anaacha kuamini.

Niliandika kwa Kiswahili kwanza, kama ninavyomsimulia shangazi wa Korogwe, ambaye ukimzungusha anakukatiza: "Ehee, kisha ikawaje?" Nilipomaliza nilimsomea mama jikoni. Alinisahihisha palepale kwamba aliyemwambia dalali "hesabu na wewe tuone" alikuwa yeye, siyo mimi. Nikabadilisha, na insha ikapata nguvu, kwa sababu mama akaonekana ni mtu mwenye kauli yake. Baada ya hapo ndipo nikaiweka kwenye Kiingereza, kwa sentensi fupi na maneno ninayoyajua maana yake bila kufungua kamusi.

Sasa habari ya baba. Aliingia kwenye sentensi moja tu, ya pili kutoka juu. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: "Baba alipofariki, mama alibaki na miti 60 ya michungwa na dalali aliyezoea kukadiria mazao kwa macho." Sikusema tulilia kiasi gani. Sentensi hiyo inampa msomaji sababu ya mimi kushika daftari, na hapo kazi yake imekwisha. Shabani, huzuni yetu ni yetu. Huna deni la kumwonyesha mtu usiyemjua machozi ya nyumbani ili akuone unastahili kusoma. Ukiona baba anahitajika ili jambo ulilolifanya lieleweke, mtaje. Ukiona unamtaja ili uonewe huruma, muache apumzike.

Nilipohesabu maneno yalikuwa 700 na ushee. Nikakata utangulizi wa wilaya ya Muheza na sifa za machungwa yake, nikakata methali, nikakata aya iliyoeleza elimu ina faida gani, kwa kuwa wanaotoa ufadhili wanalijua hilo kuliko mimi. Hesabu sikuigusa hata moja. Mwalimu wa Kiingereza aliposoma aliniuliza jambo moja tu: "Majirani je, nao walihesabu?" Walihesabu wawili, na nilikuwa nimesahau kuwaandika. Sentensi hiyo ikawa ndiyo ya mwisho. Tafuta msomaji wa namna hiyo, mwenye kukuuliza maswali. Anayekuandikia upya achana naye.

Swali jingine liliuliza kwa nini chuo hiki cha Ashesi. Hapo nilisoma kwanza. Nilijua kwamba Patrick Awuah aliacha kazi ya uhandisi kwenye kampuni ya Microsoft akarudi Ghana kuanzisha Ashesi mwaka 2002. Lakini kilichonishika ni kwamba mwaka 2008 wanafunzi wenyewe walijiwekea kanuni ya uaminifu, wakawa wanafanya mitihani bila msimamizi chumbani. Kwa mtu aliyetoka kubishana na dalali juu ya nani ahesabu, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, na nililiandika hivyohivyo. Ukijibu swali hili kwa sifa zinazoweza kubandikwa kwenye chuo chochote, hujalijibu.

Kwa hiyo yule kijana wa stesheneri anayetaka elfu thelathini akuandikie, mwambie hapana. Hajui ulichokifanya, na ukiitwa kwenye usaili utaulizwa habari za insha usiyoijua.

Na wewe unayo ya kuandika. Ule mfereji wa bati ulioufunga kwenye paa la madrasa ukaingiza maji ya mvua kwenye simtanki la lita 1,000, watoto wakaacha kwenda kisimani kuchota maji ya udhu: mbona hukuutaja hata kidogo? Umesoma PCM, unataka uhandisi, na hapo pana hesabu safi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Lipime paa kwa futi kamba. Kama ni mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 ni lita 800 kabla ya yale yanayomwagika. Niambie yanamwagika mangapi, wapi palivuja mara ya kwanza, ulipaziba kwa kitu gani, nani anasafisha tangi sasa, na ustaadhi alisema nini ulipomwomba ruhusa ya kupanda juu. Andika hayo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, usijali mpangilio.

Andika kwenye daftari, usianzie kwenye fomu mtandaoni. Umeme wa hapo nyumbani unaujua. Ukimaliza piga picha nitumie kwa Watsapu kabla ya Jumapili. Huku tuko nyuma yenu saa tatu, kwa hiyo ukituma baada ya isha utanikuta bado sijalala, na nitakujibu kwa maswali.

Msalimie mama, mwambie zile kanga zimefika. Bibi naye mpe shikamoo yangu.

Dada yako akupendaye,
Zaituni