Video ya kuwaaga timu ya chanjo

Imewaka hii? Ka namba kanatembea, basi inarekodi. Haya.

Jamani hamjambo huko. Najua mnaiangalia hii kwenye ile kompyuta ya takwimu, sauti iko chini na Juma anasema "ongezeni sauti" na hakuna anayejua inaongezewa wapi. Bonyeza pembeni hapo Juma, pembeni. Mimi niko sebuleni kwangu, mnaona nyuma haya maboksi, kochi limeshauzwa, nimekalia ndoo. Mkisikia jogoo msishangae, ni wa jirani, ananiaga na yeye.

Nimeona nirekodi kwa sababu nyie mnanijua, nikisimama mbele ya watu nalia, na siku ile ya chai ya kuniaga nilisema maneno mawili tu nikakimbilia sambusa. Sasa kesho alfajiri naondoka, nikifika Mtwara mtandao wenu na wangu sijui, bora niseme leo nimetulia.

Kwanza wale ambao bado mnaulizana kwa nini naondoka, hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Uhamisho niliuomba mwenyewe, miaka mitatu nimeandika barua hadi mtu wa masjala akawa ananiuliza "umekuja na nyingine?" Mama yangu amezeeka, macho hayaoni vizuri, na mimi ndio mtoto aliyekuja mwisho wa reli akasahau kurudi. Nilikuja Kigoma 2016 nikasema nakaa mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja! Nimekula migebuka mpaka mke wangu anasema natoa harufu ya mawese kwenye jasho. Natoka ziwani naenda baharini, natoka kwenye dagaa wa Kigoma naenda kwenye korosho, basi tuone.

Bosi, asante. Wewe ulinipokea nikiwa sijui hata friji la chanjo linafunguka upande gani, ukanipa daftari la joto ukasema "asubuhi na jioni, hata Idi, hata Krismasi", nikadhani utani. Idi ya kwanza nimetoka msikitini na kanzu nimesimama mbele ya friji naandika 4.8. Watoto wangu wanajua baba akitoka kuswali anapitia kwanza kuamkia friji. Halafu ndio mkaniita Mbili Nane, zile nyuzi mbili hadi nane ambazo joto la friji halitakiwi kutoka nje yake, jina limeenea mpaka sokoni, kuna mama wa nyanya Mwanga hajui jina langu la kweli mpaka leo, yeye ananiita Mzee Mbili Nane anajua labda ni timu ya mpira.

Juma dereva, wewe kaka umeniendesha barabara ambazo zikiitwa barabara ni heshima tu. Asante. Ile elfu kumi na tano ya tairi nakumbuka. Nakumbuka tu, sijasema nalipa leo.

Da Zai wa takwimu, asante kwa kunirekebishia ripoti zangu bila kunitangaza, maana ule mwezi niliandika watoto waliopata penta ya tatu ni wengi kuliko waliopata ya kwanza ungeweza kunichoma kwenye kikao, ukaja tu taratibu ukaniuliza "hawa wa ziada wametoka Burundi?"

Na wahudumu wa ngazi ya jamii wote wa kule mwambao, nyie sina la kusema. Mtu anatembea na kipaza sauti tangu alfajiri anaita akina mama kwa majina yao.

Sasa. Hii ndio sababu hasa ya kurekodi, na Mama Neema naomba usitoke nje, najua unaanza kuinuka kwenda kuangalia chai. Kaa.

Mnakumbuka safari ya mwezi wa saba, 2021, ile ya kwenda Buhingu? Hadithi mnaijua wote, nimeisimulia mara mia, boti ikazima katikati ya ziwa, mimi nikasimama imara, nikalinda chanjo, tukafika, watoto wakachanjwa. Ndivyo nilivyoisimulia. Haikuwa hivyo.

Ilikuwa hivi. Tumeondoka na madeli mawili makubwa, ndani penta, surua rubella, PCV, matone ya polio, aisipaki tumeziacha nje mpaka zikatoa jasho, unaitikisa unasikia maji yanacheza ndani, kama inavyotakiwa. Mpaka hapo mimi ni mtaalamu, sina wasiwasi. Kama saa tano hivi injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nahodha akaifungua, akatoa plagi, akaipuliza, akaifuta na fulana yake, akairudisha, kimya. Upepo wa kusi unatusukuma tunakotoka. Nikachungulia pembeni ya boti maji ni meusi kabisa. Lile ziwa lina kina cha mita 1,470 kule kwenye vilindi vyake, mimi kuogelea kwangu mwisho ni beseni. Nikavaa maboya mawili. Ndio, moja lilikuwa la mhasibu, ndio maana hana picha ya safari ile anayocheka.

Saa saba. Saa nane. Jua linachoma hata mbao za boti zimekuwa moto, na mimi akili yangu yote ni deli, nawaza aisipaki zimeisha, nawaza chanjo zimeiva kama ugali, nawaza barua ya kujieleza. Kila dakika tano nataka kufungua nichungulie. Na kila nikinyoosha mkono Mama Neema ananipiga kofi la mkono, paa, kama mtoto anayeiba nyama jikoni. "Ukifungua unaingiza joto. Acha." Mwisho akaona simalizi, akatandika khanga yake juu ya deli moja akakalia, lile la pili akaliwekea miguu. Akafungua mfuko wake akatoa karanga.

Kama saa tisa ndio wakatokea wale wachuuzi wa samaki na boti yao, wakatupa kamba watuvute. Sasa nyie hamkuniona furaha yangu nilipoona wamebeba nini. Barafu! Mabonge ya barafu ya kuhifadhia samaki, yamejaa. Nikaruka, nikamwambia yule kijana nipe hilo bonge, nipe na shoka, nivunje nimwage mule ndani kwenye deli, tumeokoka. Elfu tano nimeshaitoa mfukoni, nimeishika hivi.

Mama Neema hakuinuka hata. Alitafuna karanga akameza, akasema, "Weka hilo barafu humu uone."

Nikaanza kumpandishia sauti, nasema mimi ndio mtunza chanjo hapa, nimesoma kozi. Akaniuliza swali moja tu mbele ya wavuvi wote: "Penta ikiganda, ile alama ya kichupa itakuambia?"

Jamani. Nilinyamaza mpaka nikasikia maji yanapiga boti.

Maana jibu ninalijua, nalifundisha! Kile kimraba kwenye kichupa kinabadilika rangi kwa joto, kwa baridi hakisemi kitu. Chanjo kama penta ikiganda imekufa, na kichupa kitakaa vilevile kizuri, alama nyeupe safi, utamchoma mtoto wa wiki sita umempa maji tu, mama yake anarudi nyumbani anajua mwanangu kakingwa. Barafu bichi kabisa linalofuka moshi lile, kugusana na vichupa, ningegandisha mzigo wote kwa mikono yangu halafu ningejisifu nimeuokoa. Nimefundisha vituo sijui vingapi "msiweke aisipaki haijatoa jasho", na siku yenyewe nimeshika shoka.

Nikarudisha elfu tano mfukoni. Yule kijana wa barafu akanionea huruma akanipa kipande kidogo nikanyonya.

Tumefika Buhingu jua linazama, akina mama bado wapo pale ufukweni, wengine wamelala kwenye mchanga na watoto mgongoni, wangeweza kuondoka saa nane na hakuna ambaye angewalaumu. Mama Neema ndio akashuka kwenye deli, khanga imechora mistari ya mfuniko mpaka kwenye gauni, kwa saa nne alikuwa hajanyanyuka. Tukafungua. Kipimajoto kinasoma saba. Saba! Deli lilikuwa linafanya kazi yake muda wote, aliyekuwa ameharibika ni mimi. Kesho yake asubuhi tukachanja, na yeye ndio aliyeshika sindano kuanzia wa kwanza.

Sasa nakuja kwenye ripoti. Da Zai unayo kwenye faili, itafute, ukurasa wa pili. Nimeandika, "Nilihakikisha madeli hayafunguliwi kwa muda wote wa dharura." Ni-li-hakikisha. Mimi. Kikao cha robo mwaka ikasomwa, watu wakapiga makofi, nikaitwa mbele nikapewa mwavuli na ile fulana ya bluu. Na Mama Neema yupo mstari wa nyuma anapiga makofi na yeye. Hakusema kitu. Siku ile wala siku nyingine yoyote. Kila nikivaa ile fulana Ijumaa ananiambia "umependeza Mbili Nane", na mimi nasema asante, dada, huku moyoni sijui nisimame wapi.

Miaka yote hii nimetafuta namna ya kusema nimeshindwa. Mara nasema nitasema kwenye semina, mara nasema leo ana mgeni. Nimekuwa mwoga tu. Mama Neema, nisamehe dada yangu. Bosi, lile sifa ulilonipa lilikosea mlango. Na nyie vijana wapya, mkisimuliwa hii safari siku nyingine isimulieni na karanga zake na khanga yake, mimi niacheni pale kwenye maboya mawili.

Mwavuli siwezi kuurudisha, uliondoka na upepo pale Kibirizi mwaka jana. Fulana nimeifua, nimeipiga pasi, iko kwenye mfuko wa rambo kwenye droo yako Mama Neema, ile ya chini inayokwama, ivute kwa kuinyanyua. Imepauka kidogo mabegani na kuna doa la mawese hapa mbele halikutoka, nimejaribu mpaka ndimu. Utanivumilia. Kama haikutoshi usimpe Juma, atafutia gari.

Funguo za friji nimemkabidhi bosi. Ile ya akiba ipo pale pale tunapojua, sipataji hapa. Mwenye zamu wikiendi hii sijui ni nani ila friji la sola, lile la kushoto, mlango ukiufunga ugonge kidogo na goti, ukikaa wazi kidole kimoja tu joto litapanda na mimi sipo wa kupigiwa simu usiku. Haya nipigieni tu. Usiku wowote.

Binti yangu anataka simu yake, anasema chaji imebaki asilimia nne. Mama Neema, kweli, niso... ngoja, ngoja mwanangu, namalizia...