Kabla ya barua ya Jumatatu

Habari ya jioni, Madam Rukia. Pole kwa kukusumbua wakati umeshafika nyumbani. Nimengoja hadi saa hizi kwa sababu neno lenyewe si la kusemwa pale mlangoni huku malori yakipiga honi, na sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine kabla yangu.

Nimeamua kuacha kazi. Barua rasmi nitaileta Jumatatu, tarehe 2 Machi, nakala moja kwako na nyingine kwa idara ya wafanyakazi. Naomba siku yangu ya mwisho iwe Alhamisi, tarehe 2 Aprili. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa sisi tunaolipwa kwa mwezi, na mkataba wangu unasema mwezi mmoja, lakini kuondoka tarehe 30 Machi kungekuachia hesabu ya stoo ya mwisho wa mwezi na mizigo ya Pasaka kwa wakati mmoja. Siwezi kukufanyia hivyo.

Sababu ni nyumbani. Unajua Mama Kioko alihamishiwa Voi, na mwaka wa tatu huu napanda basi la usiku Ijumaa, narudi Jumapili. Mwezi uliopita nilikuwa nafunga begi, Kioko akasimama mlangoni na kiatu changu kimoja mkononi, akaniuliza, "Baba, kwenu utarudi lini?" Alisema "kwenu", Madam. Safari nzima hadi Mlolongo sikupata usingizi. Sasa nimepata kazi ya stoo huko Voi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara ni mdogo kuliko huu wa hapa, kwa hivyo tafadhali usidhani naandika ili niongezwe pesa. Hata nikiongezwa, uamuzi ni huu huu.

Upande wa kazi, naona Wanjiru anaweza kushika stoo. Kwenye kompyuta ananishinda. Kinachombabaisha ni kupokea mzigo dereva akiwa na haraka: anaweka sahihi kabla ya kuhesabu safu ya nyuma. Nikubalie kuanzia wiki ijayo yeye apokee na mimi nisimame kando tu, asahihishwe angali na mtu wa kumsahihisha. Kuna mambo pia ambayo hayamo kwenye kompyuta, yamo kichwani mwangu na kwenye kile kitabu changu cha jalada la bluu. Mizani ya lango la pili huzidisha gramu 200 asubuhi hadi ipate joto. Katoni za mafuta zikipangwa zaidi ya safu sita, ya chini hubonyea na kuanza kuvuja siku ya tatu. Kitabu chote nitakiandika upya kwa mwandiko unaosomeka, na nitakukabidhi wewe mwenyewe.

Likizo yangu imebaki siku 9. Sitazichukua Machi, idara ikikubali, zilipwe pamoja na mshahara wa mwisho. Na hati ya utumishi ningeshukuru ikiwa tayari siku hiyo hiyo, maana kurudi Nairobi kuifuata ni siku nzima.

Ombi langu lingine ni hili: vijana wa kupakia wasijue hadi barua iwe imepokelewa. Ningependa niwaambie mwenyewe, saa nne wakati wa chai. Baadhi yao niliwaleta mimi kazini, na wakisikia fununu watadhani kuna jambo baya kampuni inaficha.

Madam, siwezi kumaliza bila kutaja 2021, zile katoni 46 zilipokosekana na kila mtu akawa ananiangalia mimi. Ungeweza kuandika jina langu na kwenda zako. Ulivuta kiti, ukakaa nami stoo hadi saa tano usiku, tukapitia karatasi moja moja mpaka tukapata ile ya upakiaji iliyoingizwa mara mbili. Uliniambia, "Nenda ulale, kesho nitaongea nao mimi." Nilikuwa nimeshajua nitafukuzwa. Tangu siku hiyo sijaacha kazi yako ilale hata mara moja, na kwa ajili hiyo hiyo barua hii imeniwia ngumu kuliko nilivyotazamia.

Kesho nitafika saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, funguo ziko nami. Ukipata nafasi kabla lori la kwanza halijaingia, nitakuja ofisini tuzungumze. Ikiwa tarehe 2 Aprili haikufai, niambie hapo hapo, kabla sijaiandika kwenye barua.

Usiku mwema, Madam.

Mutua, stoo