Muhtasari wa hoja: hotuba ya mwenyekiti kuhusu bei ya kahawa, mkutano wa wakulima Budadiri

Chanzo: picha 5 za simu za hotuba iliyochapwa kwa Kiswahili, kurasa 4.
Watumiaji: wajumbe watakaoieleza matawini kwa Lumasaaba bila kushika karatasi yote.

Hali ya picha

Picha zilifika bila mpangilio, na namba ya ukurasa imekatwa katika picha mbili. Kurasa zimepangwa kwa kuunga sentensi: mmoja unakatikia kwenye "na hata kahawa iliyochumwa vizuri", mwingine unaanza na "huharibika ikilala gunia". Basi huo wa kwanza ni uk. 2, wa pili ni uk. 3. Ukurasa wa 3 umepigwa mara mbili. Picha ya kwanza ina mng'ao wa flashi katikati, lakini ya pili imekata mistari miwili ya chini. Zimesomwa pamoja.

Yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni maneno ya hotuba. Mengine ni ufupisho. Neno "Angalizo" linaonyesha maoni ya mwandishi wa muhtasari, wala si ya mwenyekiti.

Dai kuu (uk. 4, aya 1)

"Bei yetu haipotei Mbale. Inapotea usiku mmoja, kati ya kuchuma na kumenya." Kwa hiyo chama kinunue matunda mabivu na kuyamenya chenyewe, badala ya kila nyumba kumenya yake.

Angalizo: dai limefichwa hadi ukurasa wa mwisho. Kichwa cha uk. 1 ni "Bei na wachuuzi", na anayefuata vichwa atadhani hotuba inawashambulia wachuuzi. Haiwashambulii. Tawini, litajeni dai mapema, kisha rudini mwanzo.

Mkondo wa hoja

Lalamiko → sababu mbili zinazokataliwa → kazi ya kahawa hatua kwa hatua → hesabu → mapingamizi → ombi.

1. Lalamiko (uk. 1, aya 1–2)

Mlima ni mmoja, arabika ni ileile, lakini kijiji kimoja hulipwa zaidi ya jirani yake. Swali la hotuba nzima ni hili: kwa nini tofauti hiyo?

2. Sababu zinazokataliwa (uk. 1, aya 3, hadi uk. 2, aya 1)

2.1 Bei ya dunia. Bei ya msingi ya arabika hutoka soko la New York, na ikishuka huwashukia wote. Haiwezi kueleza tofauti kati ya majirani wawili. Hapa ndipo hoja ilipo na nguvu kuliko kwingine kokote; isifupishwe zaidi.

2.2 Wachuuzi. Wazee husema mambo yalikuwa mazuri tangu Bugisu Co-operative Union ilipoanzishwa 1954, yakaharibika soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenyekiti anakubali nusu: wanunuzi waliongezeka, na anayechanganya kahawa ya nyumba kumi katika gunia moja hana sababu ya kulipia iliyo nzuri. Ila mchuuzi hajui kahawa ililala saa ngapi, hivyo "analipia ile mbaya anayoiogopa". Mchuuzi ni tokeo. Chanzo kiko nyumbani.

3. Kazi yenyewe (uk. 2, aya 2, hadi uk. 3, aya 3)

Kila hatua ina kosa lake, na kosa la hatua ya nyuma halirekebishiki mbele. Sentensi hiyo ndiyo inayobeba sehemu hii.

- Kuchuma: yaliyoiva mekundu tu. Mabichi hayamenyeki vizuri, mashine huyakwangua au kuyapasua, na ladha yake hukwaruza ulimi.
- Kuelea: matunda hutiwa majini, yanayoelea hutengwa.
- Kumenya: siku ileile ya kuchuma. Matunda yaliyorundikwa gunia hupata joto na kuanza kuchacha ndani ya ganda, bila mtu kuyaona.
- Kuchachusha: muda wa saa 12 hadi 36, mrefu zaidi juu mlimani kwenye baridi. Kipimo ni mkono: punje zikisuguliwa ziwe na mkwaruzo, zisiteleze. Zikipitiliza hunuka siki, na harufu hiyo haioshwi.
- Kuosha: maji safi. Hotuba haisemi zaidi.
- Kukausha: juu ya meza, tabaka jembamba, kugeuza mara kwa mara, kufunika jua la utosi na mvua. Lengo ni unyevu wa 12%. Ukizidi, ukungu, ukipungua sana, punje huvunjika wakati wa kukoboa.

Angalizo kuhusu kuchachusha: namba ya kwanza imemezwa na mng'ao, inaonekana "1" na doa. Imejulikana kutokana na mfano ulio chini yake: kahawa iliyotiwa ndooni "saa kumi na mbili jioni" ianze kukaguliwa "saa kumi na mbili alfajiri". Hapo ni muda wa saa 12. Msiseme "saa 12" peke yake, kwa kuwa msikilizaji atasikia saa ya ukutani. Semeni "usiku mzima".

4. Hesabu (uk. 3, aya 4)

Kilo 6 za matunda mabivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Kwa hiyo kilo 600 hutoa kama 100. Mkunjo wa karatasi umepita katikati ya namba ya mwisho, na kwenye picha inasomeka 160 kwa urahisi. Ni 100, mgawanyo unathibitisha. Hotuba haitaji bei hata moja ya shilingi, na wajumbe wasiongeze ya kwao.

5. Mapingamizi (uk. 4, aya 2–3)

5.1 "Ada ya shule haingoji." Jibu: malipo ya kwanza siku ya kupima matunda, salio baada ya kuuza.

5.2 Wizi wa usiku, unaowafanya watu wachume mabichi. Jibu ni sentensi moja tu, ulinzi wa pamoja, bila kusema nani ataulipia. Angalizo: hapa ndipo maswali yatakapotoka.

5.3 Uzito. Matunda ni mazito kuliko kahawa iliyomenywa, na njia za juu ni za mteremko na utelezi. Hotuba haiigusi hoja hii kabisa. Imewekwa hapa ili mjumbe asishtukizwe, lakini asimtungie mwenyekiti jibu.

6. Ombi (uk. 4, aya 4)

Kura tatu, kwa mpangilio huu: kununua matunda mabivu kuanzia msimu ujao, mtambo mmoja wa kumenya karibu na mto, kamati ya watu watano ya kupima na kukataa mabichi. Kura ya tatu ikianguka, ya kwanza haina maana, kwani chama kitakuwa kimenunua mabichi kwa bei ya mabivu. Hotuba yenyewe haitamki uhusiano huo.

Nje ya mkondo

Pembezoni mwa uk. 4 kuna mwandiko wa kalamu: "ramani za mashamba – Ulaya". Bila shaka ni ile sheria ya Umoja wa Ulaya inayotaka kahawa isitoke kwenye msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020, na shamba lijulikane lilipo. Haijachapwa na haitegemezi dai kuu. Isisomwe matawini kama sehemu ya hotuba hadi mwenyekiti aulizwe.