Kumkaribisha kocha wa riadha mstarini

Shikamoo Mkuu wa Shule, shikamooni walimu. Wanafunzi, hamjambo?

Leo sisemi habari za nywele wala sare. Nasema na wale wa nyuma pale, ambao kipindi cha hesabu kikianza wanaumwa tumbo, na filimbi ya jioni ikilia tumbo limepona. Nawajua. Kuna mmoja ana viatu vya mpira ndani ya begi sasa hivi, daftari la hesabu hana.

Mgeni wetu ni kocha wa riadha. Mwaka 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi wetu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500: dakika 3 na sekunde 32.2. Jana ofisini kocha akaniuliza, hizo ni sekunde ngapi kwa kila mzunguko wa mita 400? Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikaanza kutafuta kalamu. Yeye akajibu huku anapuliza chai: 56 na nusu, na kidogo. Ana daftari lililokunjika kona zote, limejaa muda wa wakimbiaji wake, mzunguko kwa mzunguko. Bila kugawanya, anasema, hujui kama umeanza kwa pupa.

Kidato cha pili, kipindi cha kwanza mnakwenda uwanjani. Msishangilie bado! Kila mtu na daftari na kalamu, maana mtapimana muda wenyewe.

Kocha, karibu mbele. Usiwaonee huruma.