Ombi la dakika 40 kabla ya mtihani wa baiolojia ya molekuli

Shikamoo Dokta,

Mimi ni Rehema, mwaka wa pili, kundi la maabara la Jumatano. Naomba dakika 40 za muda wako kabla ya mtihani wa Jumatatu ijayo. Katika jaribio la katikati ya muhula nilipata alama 11 kati ya 30. Nimepitia karatasi yangu swali kwa swali, na kati ya alama 19 nilizokosa, 13 zimepotelea mahali pamoja: mwelekeo wa nyuzi, yaani ncha ipi ni ya 5′ na ipi ni ya 3′. Sita zilizobaki ni za operoni ya lac. Vipande vya Okazaki, kazi ya ligasi na ukataji wa introni nimevielewa, kwa hiyo huko hatuna haja ya kurudi.

Kinachonisumbua ni kwamba kanuni ninaijua. Polimerasi huongeza nyukleotidi kwenye ncha ya 3′ tu, na nyuzi mbili zinazojozana hukimbia pande tofauti. Lakini nikiwekewa mfuatano mbele yangu, nasoma kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba kushoto ni 5′ siku zote. Swali la 2 lilitoa uzi kiolezo hivi:

```
5'-TCACTTAGGCAT-3'
```

Nilijozanisha herufi moja moja, nikapata AGUGAAUCCGUA, nikaisoma papo hapo kama kodoni: Ser-Glu-Ser-Val. Hakuna AUG, hakuna kodoni ya kukomesha, na bado sikushtuka. Niliporudia nyumbani nikiandika ncha kwenye kila mstari, kosa lilionekana lenyewe:

```
kiolezo  5'-TCACTTAGGCAT-3'
mRNA     3'-AGUGAAUCCGUA-5'
geuza    5'-AUGCCUAAGUGA-3'
         Met-Pro-Lys-komesha
```

Hapa ninaomba uniambie kama njia hii ya mistari mitatu inakubalika kwenye karatasi ya mtihani, au unataka kuona mRNA iliyogeuzwa tu. Pia sijui la kufanya swali linaposema "uzi wa DNA" bila kutaja kama ni kiolezo au ni uzi wenye msimbo. Kwa sasa natafuta ATG kwanza katika uzi uliotolewa, nikiusoma kutoka 5′. Nisipoiona, natafuta CAT, kwa sababu CAT ikisomwa kinyume na kujozanishwa inatoa ATG. Najua njia hii inaweza kudanganya mfuatano ukiwa mfupi au ukiwa kipande cha katikati ya jeni, na ndiyo maana nataka kusikia wewe unaanzia wapi.

Kosa hilohilo ndilo lililoniangusha kwenye praima, swali la 5. Uzi wa juu ulikuwa huu, nukta zikiwa sehemu ya katikati:

```
5'-ATGACCGTTAAGCTGACC....GGCATTCGATCCAAGTGA-3'
```

Praima ya mbele niliipata, ni herufi 18 za mwanzo kama zilivyo. Ya nyuma nilinakili herufi 18 za mwisho kama zilivyo pia. Sasa naona ubaya wake: praima zote mbili zingeshika uzi uleule wa chini na kurefushwa upande mmoja. Uzi wa juu usingepata praima yoyote, kwa hiyo nakala zingeongezeka kidogo kidogo kwa kila mzunguko badala ya kuzidishwa mara mbili, na kwenye jeli nisingetegemea kuona mstari. Jibu langu la marudio ni hili:

```
mbele  5'-ATGACCGTTAAGCTGACC-3'
nyuma  5'-TCACTTGGATCGAATGCC-3'
```

Kila moja ina A na T 9, G na C 9. Kwa kanuni ya 2(A+T) + 4(G+C) napata nyuzi joto 54 kwa zote mbili, na ningeanza hatua ya kushikamana kwenye nyuzi 49. Nilipokwama ni sehemu (c), ile ya kuongeza GAATTC mbele ya praima. Nimeiweka kwenye ncha ya 5′, kwa kuwa ncha ya 3′ lazima ijozane na kiolezo ili polimerasi ipate pa kuanzia. Lakini je, joto la kushikamana nihesabu kwa herufi 18 au kwa zote 24? Ninavyofikiri, mizunguko ya kwanza kabisa inategemea zile 18, kwa sababu mkia hauna cha kujozana nacho kwenye DNA ya asili. Baadaye nakala mpya zinakuwa zimeubeba mkia, na herufi zote zinajozana. Sina uhakika ni namba ipi unaitaka kwenye karatasi.

Mahesabu ya mchanganyiko wa PCR hayanisumbui. Kwa maikrolita 25, kutoka kwenye praima ya 10 µM kwenda 0.4 µM, naweka maikrolita 1 ya kila praima.

Kuhusu operoni ya lac, seli yenye nakala moja naiweza. Nachanganyikiwa bakteria akiwa na nakala mbili. Nimejaribu hizi tatu, nikiangalia beta-galaktosidasi tu, bila glukosi:

```
1. I-  O+ Z+ / I+ O+ Z-
2. I+  Oc Z+ / I+ O+ Z-
3. Is  O+ Z+ / I+ Oc Z+
```

Ya 1 nimejibu kuwa kimeng'enya kinatengenezwa laktosi ikiwepo tu, kwa sababu protini kizuizi kutoka nakala ya pili huelea ndani ya seli na kufika kwenye opereta zote. Ya 2 kinatengenezwa wakati wote, kwa sababu opereta hutawala jeni za nakala yake yenyewe peke yake, na hapa Oc imekaa pamoja na Z nzima. Ya 3 ndiyo inayonitatiza. Kizuizi cha Is hakisikii allolaktosi, kwa hiyo nakala ya kwanza imefungwa moja kwa moja. Lakini Oc haishikiki na kizuizi, basi nakala ya pili nadhani inafanya kazi wakati wote. Je, ni sawa kusema Is inashinda I+ lakini haishindi Oc, au maneno hayo yanachanganya mambo mawili tofauti?

Sihitaji kufundishwa upya. Kitakachonisaidia zaidi ni unipe swali moja jipya la praima na moja la operoni, nifanye mbele yako, unisimamishe pale mkono unapokosea. Nina nafasi Jumatano kuanzia saa 9 alasiri, Alhamisi saa 4 hadi saa 6 asubuhi, na Ijumaa baada ya semina yako. Kama huna nafasi siku hizo, naomba hata maelezo mafupi kwa maandishi juu ya mambo matatu: uzi usiotajwa ni upi, joto la praima yenye mkia, na genotipu ya 3.

Nimeambatisha faili moja la PDF lenye kurasa nne: karatasi yangu ya jaribio iliyosahihishwa ni ukurasa wa 1 na wa 2, na marudio yangu ni wa 3 na wa 4. Pale nisipo na uhakika nimezungushia duara jekundu.

Asante sana, Dokta.

Rehema
Mwaka wa pili, kundi la maabara la Jumatano