Orodha ya mlezi: mrejesho baada ya usaili wa mazoezi

Kwa sisi watatu tuliomsaili leo, Forest Mpya, Mbeya. Msailiwa ni binti mwenye shahada ya kilimo. Jumanne anaitwa na kampuni ya parachichi Rungwe kwa nafasi ya afisa ugani. Sasa hivi yuko barazani anakunywa chai. Tupitie hii kabla ya kumwita ndani.

KABLA HAJAINGIA

☐ Tukubaliane nani anasema. Mmoja aongoze, wawili waongeze pale tu wanapoombwa. Wazee watatu wakimkosoa kwa zamu, atasikia kesi na siyo mrejesho.

☐ Kila mmoja achague mambo mawili kutoka kwenye daftari lake, kisha tubakize matatu kwa jumla. Mengine yasubiri. Ana siku tatu tu, na hawezi kubadilisha kila kitu kwa siku tatu.

☐ Simu zizimwe. Na tusianze kula.

AKIINGIA

☐ Aanze yeye: "Ni swali gani ulijisikia umelijibu vizuri? Lipi ungependa kulirudia?" Tusimkatishe. Mara nyingi atataja lile lile tuliloandika, na hapo kazi yetu imepungua nusu.

☐ Sifa ziwe na ushahidi. "Umefanya vizuri mwanangu" haimsaidii. Sema: "Ulipoulizwa mkulima akikataa ushauri utafanyaje, ulisema utaomba mti mmoja wa kujaribia, siyo shamba zima. Jibu hilo lipeleke vilevile Jumanne."

☐ "Sisi" na "mimi". Hili ndilo kubwa, tulipe muda. Kuhusu fildi yake ya ugonjwa wa chulebuni kwa wakulima wa kahawa Mbozi alijibu: "Tulikagua chulebuni, tukawashauri wakulima." Nani alikagua? Kwa njia gani? Binti kalelewa asijisifu, na ni malezi mema, ila jopo linaajiri mtu mmoja. Msomee sentensi yake kama ilivyo, kisha muulize: "Wewe mikono yako ilifanya nini?" Nina hakika atasema alichagua miti, akahesabu punje zenye madoa meusi yaliyobonyea, akaandika. Mwambie hilo ndilo jibu, alirudie papo hapo, kwa sauti, akianza na "nili-".

☐ Kosa la ufundi lisahihishwe moja kwa moja, bila kuzunguka. Alisema parachichi aina ya Hass huvunwa ngozi ikishakuwa nyeusi. Hapana: parachichi haliivi likiwa mtini, huiva baada ya kuchumwa. La kusafirishwa nje huchumwa likiwa bado gumu, na ukomavu hupimwa kwa kukausha sampuli ya nyama ya tunda na kuona uzito uliobaki. Swali hili wataliuliza kwa hakika. Usiliweke kwenye fungu moja na mambo ya sauti na mkao. Hili ni la kusoma usiku wa leo.

☐ Macho na sauti. Kutazama chini mbele ya wakubwa kwake ni heshima, kwa hiyo usimwambie "hujiamini". Mwombe amtazame aliyeuliza anapoanza kujibu na anapomaliza. Inatosha.

☐ Kiingereza: tusihesabu makosa ya sarufi. Alipokwama alinyamaza kabisa. Mfundishe kuomba swali lirudiwe, kwa sentensi moja aliyoizoea.

☐ Mshahara. Alijibu "chochote mtakachonipa". Aulize walio kwenye kazi hiyo wanalipwa kiasi gani, aje na kiwango.

TUSIYOYASEMA

☐ "Sisi enzi zetu..." (Najua nani atajaribiwa. Najitaja wa kwanza.)

☐ Kumlinganisha na kijana wa wiki iliyopita.

☐ Kabila, ndoa, au kama atapata mimba. Jopo likimuuliza, tumwandae ajibu kwa upole na arudi kwenye kazi. Sisi tusiulize hata kwa utani.

KABLA HAJAONDOKA

☐ Aseme mwenyewe, kwa maneno yake, mambo matatu atakayofanyia kazi. Akitaja mawili, usikimbilie kumkumbusha la tatu. Muulize lipo lingine?

☐ Vyeti. Ameomba pia serikalini kupitia Ajira Portal. Kwenye matangazo yao ya kuitwa kwenye usaili, Sekretarieti ya Ajira husisitiza vyeti halisi, na hati ya matokeo peke yake hukataliwa. Cheti chake cha chuo bado hajakichukua. Akakifuate wiki hii.

☐ Nauli ya Tukuyu ya Jumanne anayo? Mama mwenzetu, muulize mkiwa wawili tu, siyo mbele yetu.

☐ Jumatatu saa kumi na moja jioni nitampigia. Swali moja: "Tueleze kazi uliyoifanya Mbozi." Dakika mbili, kisha nakata simu.