Koti la Harris Tweed kutoka kwenye belo: lina umri gani?

Belo la makoti ya kiume tulilofungua wiki hii hapa Memorial, Moshi, lilikuwa na mazito mengi ya kawaida. Moja nililiweka pembeni kabla wateja hawajalishika.

Lebo ya ndani ina chapa ya duara lenye msalaba juu yake, na chini yake jina Harris Tweed. Chapa hiyo ni ya zaidi ya miaka 100, na haipigwi kwenye kitambaa chochote tu: sharti kifumwe kwa mkono, nyumbani kwa mfumaji, kwenye visiwa vya Lewis, Harris, Uist na Barra huko Uskoti. Mwaka 1993 Bunge la Uingereza lilikiwekea kitambaa hicho sheria yake. Mwaka 1966 visiwa hivyo vilitoa yadi zaidi ya milioni 7, ndiyo maana makoti ya zamani bado yanatufikia.

Ukiliona kwa mbali utasema ni kahawia. Lisogeze kwenye mwanga, uvute uzi mmoja kwa kucha: kuna rangi ya chungwa, bluu, kijani, na chembe za njano. Sufu hutiwa rangi kabla ya kusokotwa, kisha rangi zinachanganywa, kwa hiyo uzi mmoja unabeba zote. Hakuna kiwanda cha kuchapa rangi kitakachokupa kitu hicho. Mfumo wake ni mistari ya mshazari inayokutana kwa ncha, kama mifupa ya samaki.

Kuhusu umri, mimi nasema miaka ya 1970. Ukosi wa kifuani ni mpana, sentimeta 10 na ushee, mpasuo wa nyuma ni mmoja na mrefu, na hakuna popote lebo ya maelekezo ya kufua. Saizi imeandikwa kwa inchi peke yake, 42.

Sasa ushonaji, jambo ninalotaka wateja wangu walijue. Bana ukosi kwa vidole viwili, usugue: utasikia tabaka la katikati linateleza lenyewe, halijagandishwa kwa gundi. Geuza nyuma ya ukosi uone vijishimo vidogo vya sindano. Mishono hiyo imeushika, ndiyo maana unajikunja wenyewe bila kupigwa pasi. Makoti ya gundi yakifuliwa mara mbili tatu tu, kitambaa huachia na kuvimba kama mapovu kifuani. Vifungo ni vya ngozi iliyosukwa, vyote vipo. Bitana imechanika kwapani kushoto, na kuna tundu dogo la nondo chini ya mfuko wa kulia. Fundi wetu amelifuma kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la ndani. Kulitambua inabidi uambiwe.

Bei ni shilingi 45,000. Ndugu zangu wa Marangu na Rombo, Juni na Julai zinakuja. Atakayelichukua asilifue kwa maji ya moto wala asiliingize kwenye mashine, sufu itasinyaa. Lipigwe brashi, litundikwe kivulini, basi.